Moyo Uliodunda Kama Ngoma

Mwezi Februari 2023, jarida la hadithi za kubuni za kisayansi la Clarkesworld, nchini Marekani, lilifunga mlango wa kupokea miswada. Mhariri wake, Neil Clarke, alikuwa amezidiwa na mamia ya hadithi zilizotungwa kwa programu za akili mnemba na kutumwa na watu waliotafuta malipo ya haraka. Zaidi ya hadithi 20, zilizotoka kwa watu tofauti, zilikuwa na kichwa kimoja: Tumaini la Mwisho.

Watumaji hao hawakuibiana. Kila mmoja aliiomba programu hadithi, na programu ikampa kichwa kilicho karibu zaidi. Programu hizi hutunga kwa kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kinachofuata tena, zikiongozwa na maandishi mengi mno zilizofunzwa nayo. Zikishaandika kwamba moyo wa mtu ulidunda kama, mkono unaenda wenyewe kwenye ngoma, kwa sababu hapo ndipo waandishi wengi walikopitia. Baada ya mafunzo hayo ya kwanza, programu hurekebishwa kwa kufuata maoni ya watu wanaolinganisha majibu mawili na kuchagua lililo bora. Msomaji anayepima majibu kwa haraka huvutiwa na sentensi iliyopambwa, na programu inajifunza kupamba.

Hebu tuchukue mfano. Mtu anaandika ombi: tunga mwanzo wa hadithi ya kusisimua, kwa lugha ya kisanaa, kuhusu mwanamke anayeanza biashara ya samaki Feri, Dar es Salaam. Anachopata hakitakuwa mbali na hiki:

Jua la asubuhi lilichomoza taratibu, likipaka anga rangi za dhahabu na zambarau. Amina alisimama katikati ya soko lililojaa pilikapilika, moyo wake ukidunda kama ngoma. Harufu ya bahari ilijaza hewa. Alijua kwamba tangu siku ile maisha yake yasingekuwa tena kama zamani. Alivuta pumzi ndefu, na chozi moja likadondoka shavuni mwake.

Sarufi haina kasoro. Tatizo ni kwamba aya hii inaweza kuhamishiwa hadithi nyingine bila kubadilisha chochote ila samaki. Amina angekuwa bibi harusi, mwanafunzi anayesubiri matokeo au mkimbizi mpakani, na jua lingechomoza vilevile. Hiki ndicho kipimo rahisi cha kwanza cha mhariri: iondoe sentensi mahali pake, uiweke kwenye hadithi tofauti kabisa. Ikikaa vizuri, haikuwa na kazi pale ilipotoka.

Kuna jambo jingine ndani ya aya hiyo, na kwa msomaji wa Kiswahili ndilo linaloudhi zaidi. Anga iliyopakwa rangi na chozi moja linalodondoka polepole ni mapambo ya riwaya za Kiingereza yaliyovishwa maneno ya Kiswahili. Programu nyingi zimefunzwa kwa Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, kwa hiyo mazoea ya Kiingereza yanajipenyeza hata pale ombi limeandikwa kwa Kiswahili safi. Riwaya zetu za mapenzi na upelelezi zina mazoea yake zenyewe: kijasho chembamba kinamtoka, machozi yanamtiririka njia mbilimbili, msichana ameumbwa akaumbika. Programu inayachota hayo pia, na yakikutana na ya Kiingereza katika aya moja, msomaji hawezi kusema msimulizi anatoka wapi.

Dawa ambayo wengi hujaribu kwanza ni kupiga maneno marufuku. Wanaongeza kwenye ombi: usitumie ngoma, usitaje jua, usitaje machozi. Ngoma inaondoka kweli, na mahali pake unakuja moyo unaotwanga kama mchi kinuni. Neno limebadilika, sentensi imebaki ileile, kwa kuwa programu bado haijui chochote kuhusu Amina ila kwamba ana hofu.

Wengine hugeukia kipimo cha bahati nasibu, ambacho kwenye skrini huandikwa `temperature`. Kikiwekwa sifuri, programu karibu kila mara huchukua kipande cha neno chenye uwezekano mkubwa kuliko vyote. Kikipandishwa, inathubutu kuchukua vilivyo mbali. Kupandisha kidogo kunasaidia. Ukizidisha, lugha inabomoka, na Kiswahili huumia mapema, kwa sababu kitenzi kimoja hujengwa kwa vipande kadhaa na kila kipande ni nafasi ya kukosea. Upatanisho wa ngeli unavurugika, kisha vinaanza kutokea vitenzi ambavyo hakuna Mswahili aliyewahi kuvisema.

Kinachofanya kazi ni kubadilisha kinachoingia. Maneno kama kusisimua, kisanaa na hisia nzito yaondolewe kwenye ombi, maana hayo ndiyo yanayoita mapambo, na mahali pake ziwekwe habari. Amina ana shilingi elfu sitini, alizokopa kwenye kikoba. Anataka fungu la vibua akauze Mbagala. Hajawahi kununua kwenye mnada, na dalali anakwenda haraka kuliko alivyodhani. Kuna kitu amekisahau: barafu. Kisha mwandishi aeleze kwamba hofu isitajwe kwa jina, ionekane kwa kile ambacho Amina anashindwa kukifanya. Rasimu ikirudi na kupunguzwa kwa mkono, inaweza kuwa hivi:

Mafungu mawili ya vibua yalishauzwa na Amina hakuwa amenyanyua mkono. La tatu lilipomwagwa sakafuni aliunyanyua kabla dalali hajataja bei, watu wakamgeukia. Alilipa elfu hamsini na nane. Alipokuwa akipanga samaki kwenye ndoo ndipo alipomwona mwenzake akinunua barafu.

Hakuna moyo unaodunda hapa, lakini hofu ipo, kwenye mkono ulionyanyuliwa kabla ya wakati. Pesa iliyobaki, elfu mbili, inafanya kazi ambayo ile sentensi ya maisha kubadilika ilishindwa kuifanya, kwa sababu msomaji anaanza mwenyewe kupiga hesabu ya nauli, barafu na jua la mchana.

Ufasaha wa aina hii una mtego wake. Programu ikiambiwa iwe mahususi, inaweza kubuni umahususi. Italeta majina ya samaki bila kujua wanakotoka: sato na sangara wakishushwa kwenye mashua iliyotoka Bahari ya Hindi, ilhali hao ni samaki wa maji baridi, na sokoni Dar es Salaam wanafika kwa barabara kutoka kanda ya ziwa. Kosa kama hilo ni baya kuliko ngoma. Ngoma inachosha tu. Sato wa baharini anamwambia msomaji wa pwani kwamba msimulizi hajawahi kufika.

Wala si kila kauli ya mazoea inastahili kufutwa. Paukwa na pakawa ni mazoea matupu, na yamebaki kwa sababu yana kazi: msimulizi anaita, wasikilizaji wanaitika, hadithi inafunguka. Mhusika naye ana haki ya kusema kama watu wa mtaani kwake wasemavyo, misemo iliyochakaa ikiwemo. Kalamu nyekundu iwe kali zaidi kwa msimulizi.

Hatua ya mwisho haifanyiki kwenye kompyuta. Aya ya Amina isomwe kwa sauti mbele ya mtu anayeifahamu Feri. Huenda akauliza kwa nini mwenye mtaji mdogo hivyo aliingia mnadani peke yake, badala ya kuchanga na mwenzake na kugawana fungu. Swali hilo likiingia kwenye hadithi, yule mwanamke aliyenunua barafu anapata jina, anapata nusu ya samaki, na anakuwa na la kusema kuhusu fungu la tatu.