Mstari wa Saba wa Tangazo

Tangazo la afisa TEHAMA lilikuwa na mistari minane tu. Barua pepe za ofisi zitatoka kwenye seva iliyo chumba cha nyuma na kuhamia kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine tunazozifikia kwa intaneti. Kazi itaanza Ijumaa saa 12 jioni. Jumatatu asubuhi kila mtu ataingia kwa anwani yake ileile, lakini kwa nywila mpya, na atathibitisha kwa namba itakayokuja kwenye simu. Akaunti ya zamani iliyo kwenye simu ifutwe, iwekwe upya.

Wengi tuliishia hapo. Mstari wa saba, uliomtaka kila anayetumia POP amwone afisa kabla ya Alhamisi, tuliuruka. Nani anajua kama anatumia POP?

POP ni njia ya zamani ya kuchukua barua. Programu inazishusha kwenye kompyuta yako, kisha inazifuta kwenye seva. Outlook mara nyingi huziacha huko siku 14 tu. Afisa anahamisha kilichomo kwenye seva. Kilichomo kwenye kompyuta yako hakioni.

Mhasibu wetu aligundua Jumatano, baada ya kuambiwa afungue barua zake kwa kivinjari kwenye kompyuta ya mwenzake. Akaona za wiki mbili. Za miaka sita zilikuwa kwenye faili moja la .pst mezani kwake, lenye GB 9. Dawa ilikuwa kulinakili faili kwanza, halafu kuzipandisha barua kwenye akaunti mpya. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 9 huchukua saa nne, mtandao usipokatika. Ulikatika mara mbili.

Kwa nini wikendi? Kwenye intaneti kuna rekodi iitwayo MX inayoonyesha barua za ofisi zipelekwe seva gani. Seva za watu wengine huikumbuka rekodi hiyo kwa muda unaoitwa TTL. TTL ikiwa sekunde 86400, wengine wataendelea kupeleka barua kule kwa zamani siku nzima baada ya mabadiliko. Kwa hiyo afisa aliishusha hadi 300, yaani dakika tano, tangu Jumatano, ili ile ya zamani isahaulike mapema. Hata hivyo seva ya zamani hakuizima. Wiki nzima aliikagua asubuhi, akiokota barua zilizopotea njia.

Jumatatu mambo yalikwenda, ukiacha foleni ya waliosahau kufuta akaunti kwenye simu. Saa nne ndipo katibu muhtasi akaja na lalamiko: nyaraka anazoskani hazifiki. Mashine ya fotokopi, inayozituma kwa barua pepe, bado ilikuwa inaigongea hodi seva ya zamani.