Kukataliwa kwa namba ya uthibitisho wa hatua mbili

Kukataliwa kwa namba ya uthibitisho ni hali ambapo mtu anayeingia kwenye akaunti yake ya mtandaoni anaandika kwa usahihi namba ya hatua ya pili, kwa kawaida tarakimu 6, lakini mfumo unaikataa. Sababu mbili za kawaida ni namba kuisha muda na saa ya simu kuachana na saa ya seva.

Kuisha muda

Namba inayokuja kwa ujumbe mfupi hutengenezwa na seva, nayo hufa baada ya dakika chache. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe huweza kufika umechelewa. Mtu akiomba namba nyingine, mara nyingi ile ya kwanza hufutwa, hata kama ndiyo inayotangulia kufika. Saa ya simu haihusiki hapa.

Saa kuachana

Namba ya programu ya uthibitisho hutengenezwa ndani ya simu, bila mtandao. Simu na seva zina ufunguo mmoja wa siri. Kila upande huhesabu sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia (UTC), huzigawa kwa 30, kisha huchanganya jibu na ufunguo huo. Utaratibu huu umeelezwa katika kanuni ya RFC 6238 ya mwaka 2011. Seva nyingi hukubali pia namba ya sekunde 30 zilizotangulia, lakini si zaidi sana.

Simu isiyorekebishwa na mtandao, ikikosea sekunde 1.7 kwa siku, itakuwa imekosea sekunde 51 baada ya siku 30. Hilo linaweza kutokea Biharamulo au popote pengine.

Mfano wa mpakani

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, ambako saa iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyoko Rusumo au Kabanga ikinasa mnara wa ng'ambo, huweza kuonyesha 09:00 wakati Tanzania ni 10:00. Hapo namba bado ni sahihi, kwa kuwa kilichobadilika ni ukanda wa saa tu. UTC ndani ya simu ni ileile 07:00.

Tatizo huanza mwenye simu anaposogeza saa kwa mkono hadi 10:00 bila kubadili ukanda. Sasa simu inaamini kuwa UTC ni 08:00. Imekosea sekunde 3,600, yaani hatua 120 za sekunde 30. Kioo kinaonyesha saa sahihi, lakini kila namba inakataliwa.

Kutambua na kurekebisha

Kama namba mpya hukubaliwa ikiandikwa upesi, tatizo lilikuwa muda. Kama kila namba ya programu inakataliwa, hata ikiwa mpya kabisa, ichunguzwe saa. Katika mipangilio ya simu, saa iachwe ijirekebishe yenyewe kwa mtandao. Anayeishi mpakani azime ukanda wa kujibadili wenyewe na kuchagua `GMT+03:00`.