Mauzo Yamepanda, Droo Tupu

Chukua mfano wa duka la jumla Kariakoo, linalouza mafuta ya kula, sabuni na sukari kwa wenye maduka ya mitaani. Kila mwezi linauza mzigo wa shilingi milioni 60, ulionunuliwa kwa milioni 54. Mzigo hukaa stoo siku 20. Wateja huchukua mali kauli na kulipa baada ya siku 30. Msambazaji naye humvumilia mwenye duka siku 10 tu.

Jumlisha siku za stoo na za wateja, kisha toa za msambazaji: 20 + 30 − 10 = 40. Hizo ndizo siku ambazo fedha ya mwenye duka iko nje. Bei ya kununulia mzigo wa siku moja ni milioni 54 kugawa kwa 30, yaani milioni 1.8. Zidisha kwa 40, unapata milioni 72. Huo ndio mtaji wa kuzungusha anaouhitaji.

Sasa mauzo yapande hadi milioni 90. Mzigo wa siku moja unagharimu milioni 2.7, na mtaji unaohitajika unafika milioni 108. Zimepungua milioni 36. Faida ya mwezi ni milioni 9. Kodi, mishahara na usafiri vikila milioni 4, zinabaki 5. Kwa faida pekee, pengo litazibika baada ya miezi zaidi ya saba, na msambazaji hangoji hivyo. Ndiyo maana daftari linaonyesha faida huku droo ikiwa tupu.

Kabla ya kwenda benki, punguza siku. Wateja wakilipa baada ya siku 20 badala ya 30, zinarudi milioni 27. Msambazaji akiongeza siku 4, inapatikana milioni 10.8. Jumla ni milioni 37.8, na pengo limezibika bila riba. Ila usinunue haraka ya wateja kwa bei yoyote: punguzo la asilimia 1 ili mtu alipe siku 10 mapema ni sawa na riba ya takriban asilimia 3 kwa mwezi. Lilinganishe kwanza na riba ya benki.

Siku zisipopungua, kopa kulingana na hitaji. Pengo la msimu, kama mzigo wa Ramadhani, linafaa ovadrafti, kwa kuwa fedha itarudi msimu ukiisha. Pengo la kukua halirudi maadamu mauzo yamebaki juu. Hilo linahitaji mkopo wa mwaka mmoja au miwili, wenye rejesho ambalo ile milioni 5 ya mwezi inaweza kulibeba. Ukiliziba kwa ovadrafti, benki ikiidai utalazimika kuuza stoo kwa hasara.

Kila Jumamosi pitia daftari la madeni, uandike kila mteja amekaa na fedha siku ngapi. Wateja wakirudi kwenye siku 30, zile milioni 27 zimetoka tena.