Mwenye duka akikutumia picha ya notisi ya kodi mpya, mjibu hivi

Siku hizi notisi ya kupandisha kodi mara nyingi haiji mlangoni. Mwenye jengo anaiandika kwenye karatasi, anaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Wewe uko kazini, unaifungua, unashtuka, kisha unajibu "nimeona" au unatuma kidole gumba. Hapo umeshaanza kujifunga.

Leo tunazungumzia duka la kukodi katika vituo vyetu vya biashara nchini Kenya, iwe ni kioski cha matofali, kinyozi, hoteli ndogo au chumba cha fundi cherehani. Mpangaji wa duka au hoteli ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5, analindwa na sheria maalum, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Nyumba ya kuishi haimo katika sheria hiyo.

Sheria hii ina masharti mawili ambayo kila mpangaji anafaa kuyashika. Kwanza, mwenye jengo hawezi kupandisha kodi kwa neno la mdomo. Lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, na kodi mpya haiwezi kuanza kabla ya miezi 2 kupita tangu uipokee. Pili, wewe nawe una wajibu. Ndani ya mwezi 1 tangu uipokee, unatakiwa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Ukinyamaza, na usipopeleka shauri mbele, notisi halali huanza kufanya kazi kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo kunyamaza si heshima wala si uvumilivu. Kunahesabiwa kama kukubali.

Tuchukue mfano. Fundi cherehani analipa shilingi 4,500 kwa mwezi. Tarehe 25 Julai anapokea picha ya notisi inayosema kuanzia tarehe 1 Septemba kodi itakuwa shilingi 7,000. Afanye nini?

Jambo la kwanza ni kuihifadhi ile picha. Apige picha ya skrini inayoonyesha jina la aliyetuma, siku na saa, kisha amtumie mtu anayemwamini ili isipotee simu ikiharibika. Halafu aikuze na kuisoma yote: tarehe ya kuandikwa, kodi mpya, siku ya kuanza na sahihi. Picha ikikatwa pembeni, aombe karatasi yenyewe.

Jambo la pili ni kuhesabu siku. Miezi 2 kutoka tarehe 25 Julai inaishia tarehe 25 Septemba, kwa hiyo tarehe 1 Septemba ni mapema mno. Mwezi wake 1 wa kujibu unaisha tarehe 25 Agosti. Huenda mtu akamwambia kwamba picha ya simu si notisi, na ni kweli kwamba sheria inataja kumkabidhi mpangaji mkononi, kumkabidhi mtu mzima wa familia yake au mfanyakazi wake, au kutuma kwa posta ya rejista. Lakini asiweke duka lake rehani kwa hoja hiyo. Ajibu kana kwamba notisi imefika sawasawa.

Sasa barua yenyewe. Iwe fupi, iwe na adabu, lakini ndani yake kuwe na sentensi moja isiyo na utata: sikubali. Maneno kama "nitajaribu" au "hali ni ngumu" hayatoshi, kwa sababu hayasemi kama unakubali au unakataa. Fundi wetu anaweza kuandika hivi:

"3 Agosti

Kwa Mzee, mwenye jengo,

KUH: NOTISI YA KUPANDISHA KODI YA DUKA NAMBARI 3

Natumai wewe na jamaa mu wazima. Nilipokea picha ya notisi yako kwa simu tarehe 25 Julai, inayosema kodi itapanda kutoka shilingi 4,500 hadi shilingi 7,000 kuanzia tarehe 1 Septemba.

Kwa heshima, sikubali kiwango hicho wala tarehe hiyo. Nyongeza ya shilingi 2,500 ni zaidi ya nusu ya kodi ninayolipa sasa. Pia sheria inatoa miezi 2 tangu nilipopokea notisi.

Ninaelewa kuwa gharama zako nazo zimepanda, na ningependa tuelewane. Ninapendekeza shilingi 5,000 kuanzia tarehe 1 Oktoba. Paa la nyuma likirekebishwa, kwa sababu linavuja na kuharibu vitambaa vya wateja, niko tayari kulipa shilingi 5,500 kuanzia mwezi utakaofuata.

Naomba tukutane kabla ya tarehe 15 Agosti, siku utakayochagua. Wakati tunazungumza nitaendelea kulipa shilingi 4,500 kwa tarehe yake kama kawaida.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, Duka Nambari 3"

Angalia kilichofanyika hapo. Barua inataja siku aliyopokea notisi, inakataa waziwazi, kisha inaweka mezani kiasi ambacho mwenye jengo anaweza kukijibu. Haimtishi wala haimwiti mchoyo. Paa limetajwa kama sehemu ya mapatano, si kama lawama. Nawe usitaje kiasi usichoweza kulipa kila mwezi, kwa sababu huenda kikakubaliwa.

Aiandike nakala 2. Moja ampelekee mwenye jengo au wakala wake, ya pili isainiwe na kuwekwa tarehe na aliyepokea. Akikataa kusaini, aitume kwa posta ya rejista na atunze risiti. Baada ya hapo aipige picha na kuituma kwa WhatsApp pia.

Kuna makosa mawili yanayowaangusha wengi hata baada ya barua nzuri. La kwanza ni kuacha kulipa kodi kwa hasira. Deni la miezi 2, au kuchelewa kila mara, ni sababu ambayo sheria inamruhusu mwenye jengo kuitumia kuomba utolewe. Lipa kodi ya zamani kwa wakati na utunze ujumbe wa M-Pesa. Na usilipe ile 7,000 hata mwezi mmoja "ili amani iwepo", maana itaonekana umekubali.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mazungumzo yanasimamisha siku. Hayasimamishi. Mzee anaweza kusema "tutaongea, usijali" hadi siku ya notisi ipite. Wasipoelewana, fundi anatakiwa kupeleka shauri kwenye baraza la serikali linaloamua migogoro ya kodi za maduka, linalojulikana kama BPRT, kabla ya siku ya notisi kuanza. Kwa usalama ahesabu tarehe 1 Septemba iliyoandikwa, si tarehe 25 Septemba aliyoihesabu mwenyewe. Shauri likishafikishwa huko, notisi haifanyi kazi mpaka baraza liamue.

Wakielewana, waandike tena karatasi moja fupi: kodi mpya, siku ya kuanza, na nani atatengeneza paa na lini. Wote wawili wasaini. Mapatano ya mdomo kuhusu paa husahaulika mvua ikiisha.