Gharama Isiyoonekana Kwenye Ankara

Mwaka 2008 Jandarmeri ya Ufaransa, jeshi linalolinda usalama hasa vijijini na katika miji midogo, ilitangaza kwamba kompyuta zake zitaacha Windows na kuhamia Ubuntu, mfumo wa Linux usiolipiwa leseni. Hoja iliyowashawishi wakuu haikuwa bei peke yake. Wakati huo Windows XP ilikuwa inampisha Vista, na Vista ilikuwa na sura mpya. Askari wangelazimika kufundishwa upya hata wakibaki na Microsoft. Kama mafunzo hayakwepeki, ugumu wa kuhama hauwezi kuhesabiwa upande mmoja tu.

Hapo ndipo maombi mengi ya programu mpya yanapokwama mezani kwa meneja. Mwombaji hulinganisha programu mpya na hali ya leo, kana kwamba kubaki hakuna gharama. Kumbe programu ya zamani nayo ina bei yake: leseni hupanda, mtengenezaji huacha kuihudumia, na wafanyakazi huchapa upya taarifa zilezile kila siku.

Jandarmeri pia haikuhama kwa mkupuo. Ilianza na programu za juu huku Windows ikibaki chini yake: mwaka 2005 OpenOffice ya kuandikia na kukokotolea, kisha Firefox ya kuperuzi na Thunderbird ya barua pepe. Ubuntu ilipofika, askari alikuta programu alizokwisha kuzizoea. Kilichobadilika ni mfumo ulio chini, ambao yeye haugusi sana. Kufikia 2013 kompyuta 37,000 zilikuwa zimehama, na taasisi ikaeleza kuwa gharama yake ya jumla kwa kila kompyuta imeshuka kwa asilimia 40 hivi.

Jiji la Munich, Ujerumani, lilikuwa limetangulia kuamua. Mwaka 2003 huduma ya Windows NT 4.0 ilikuwa inakaribia kukoma, na baraza la jiji likachagua Linux kwa kompyuta zake zipatazo 14,000. Microsoft ilipunguza bei, na mkuu wake, Steve Ballmer, akaenda mwenyewe kuonana na meya. Baraza halikubadili msimamo. Halikutaka jiji litegemee muuzaji mmoja.

Kazi yenyewe iliendelea hadi 2013. Idara nyingi zilikuwa na mafundi wao na taratibu zao, na ofisi zilikuwa na maelfu kwa maelfu ya violezo vya barua, fomu na makro zilizoandikwa kwa ajili ya Word na Excel. Kila kimoja kilipaswa kufutwa, kuunganishwa na kingine au kuandikwa upya, hata jiji likalazimika kutengeneza programu yake lenyewe, WollMux, ya kusimamia violezo hivyo. Mwaka 2012 jiji lilikadiria kuwa limeokoa zaidi ya yuro milioni 10. Hata hivyo malalamiko hayakwisha, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows, ingawa uchunguzi ulioagizwa na jiji lenyewe ulikuwa umeonyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa mpangilio wa idara za kompyuta kuliko Linux yenyewe.

Hesabu ya kumpelekea meneja, basi, ianze na saa za kazi. Chukua ofisi ya watu 30 inayotaka kuacha daftari za Excel na kutumia mfumo mmoja wa stoo na mauzo. Ikiwa kila mtu atapoteza saa moja kwa siku akijifunza, kwa siku 10 za kazi, hizo ni saa 300 za mishahara, na hakuna ankara itakayozionyesha. Upande wa pili, mfumo ukimwokolea kila mtu dakika 10 kwa siku, ofisi inapata saa 5 kila siku. Saa 300 zitarudi baada ya siku 60 za kazi, yaani karibu miezi mitatu. Baada ya hapo, faida ndiyo ilipie leseni, kusafisha na kuhamisha data, na kipindi cha kuendesha mifumo miwili sambamba.

Lakini zile dakika 10 zisikisiwe. Idara moja ijaribu mfumo kwa mwezi mzima, ukiwemo ufungaji wa hesabu za mwisho wa mwezi, na muda upimwe kabla na baada. Wakati huohuo zihesabiwe fomu na makro zote zinazotumika, kwa kuwa ndizo zilizoitesa Munich. Muuzaji naye aulizwe kwa maandishi jinsi data itakavyotolewa siku ofisi ikitaka kuondoka.

Unayeandaa ombi hilo, weka kwenye ukurasa mmoja gharama za miaka mitano za kuhama na za kubaki, bega kwa bega, na utaje ni nani atakayesimamia mpito. Kama safu ya kubaki iko tupu, usilipeleke bado.