Kulifupisha Tangazo bila Kuupoteza Wito Wake

Afisa mifugo wa kata anapotaka kuwaita wafugaji siku hizi, aghalabu huanza na simu yake. Huandika tangazo, hulituma katika kundi la WhatsApp la kijiji au huliweka katika ukurasa wa mtandao wa kijamii, kisha hungojea. Katika wilaya kama Ikungi, mkoani Singida, safari ya tangazo haiishii hapo. Kijana mwenye simu kubwa hulinakili na kumpelekea baba yake aliye machungani na simu ya kitochi, ambayo haipokei kitu isipokuwa sauti na ujumbe mfupi wa maandishi. Kwa hiyo tangazo hilo moja hupita katika milango miwili yenye vipimo tofauti. Mtandao wa X, uliozuiwa kutumika nchini Tanzania mwezi Mei 2025, humruhusu mtu asiyelipia alama 280 katika andiko moja. Ujumbe mfupi wa simu huruhusu 160. Mwenye hekima hukata kwa kipimo cha mlango mwembamba.

Neno "alama" hapa lina maana ya kila kinachochukua nafasi: herufi, tarakimu, nukta, na hata nafasi tupu iliyo kati ya neno na neno. Kipimo cha 160 hakikutoka mbinguni. Mnamo 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, akiwa Bonn, alipiga taipu sentensi za kawaida na kuhesabu alama zake, akaona kwamba nyingi zilitosha ndani ya 160. Njia ya mawimbi iliyokuwapo ilikuwa na nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Kila alama ikipewa biti 7, jibu la kugawanya ni 160. Mtandao wa Twitter, ulioanza mwaka 2006 na ambao sasa huitwa X, ulirithi kipimo hicho: ulitenga alama 20 kwa jina la mwandishi na kumwachia 140 za maneno, hadi ulipoziongeza kuwa 280 mwezi Novemba 2017.

Yafaa sasa kulitazama tangazo lenyewe. Lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila aliyewahi kusoma ubao wa ofisi ya kata atalitambua:

"Ofisi ya kata inapenda kuwatangazia wafugaji wote kwamba kesho kutakuwa na zoezi la kuchanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu katika josho la Dung'unyi kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 4 asubuhi. Wafugaji wote mnaombwa kufika bila kukosa pamoja na ng'ombe wenu. Aidha, ng'ombe mwenye dalili za kukohoa asiletwe joshoni bali mfugaji ampigie simu afisa mifugo. Asanteni kwa ushirikiano wenu."

Hizo ni alama 387. Ni Kiswahili safi, na wala hakina kosa la sarufi. Taabu yake huonekana mkasi unapopita. Anayekata kutoka mwisho ili afikie 280 atasimama katikati ya neno "mwenye", na onyo lote la ng'ombe anayekohoa litakuwa limeanguka. Anayekata hadi 160 atasimama kwenye herufi ya kwanza ya neno "saa". Mfugaji atajua kuwa kuna chanjo, asijue aje wakati gani.

Hasara hizo mbili si ndogo. Homa ya mapafu ya ng'ombe huenea kwa matone yanayotoka kwa mnyama anayekohoa na kuvutwa na wenzake walio karibu, na hakuna mahali ambapo ng'ombe wa maboma mbalimbali husongamana kama foleni ya josho. Tangazo lililopoteza onyo lake huweza kuukusanya ugonjwa na wanyama wazima mahali pamoja. Nayo chanjo huja ikiwa kavu ndani ya chupa, na ikishachanganywa na maji yake haina budi kutumiwa kwa muda mfupi, ikiwa imewekwa kwenye baridi. Mfugaji anayefika mchana hukuta chupa zimekwisha kumwagwa.

Basi kazi ya kwanza si kukata, bali ni kutambua kisichokatika. Katika tangazo hili kuna mambo matano tu: kitendo kinachotakiwa, mahali, wakati, sababu, na katazo. Kila neno lisilobeba mojawapo ya hayo liko hapo kwa heshima au kwa mazoea. "Ofisi ya kata inapenda kuwatangazia wafugaji wote kwamba", pamoja na nafasi inayofuata, hula alama 57. Shukrani za mwisho hula 31. Zikiondoka zote, zinabaki 299, na wito haujaguswa hata kidogo.

Hatua ya pili huhitaji jicho la mwalimu wa lugha. Sentensi ya kwanza ya tangazo haimwombi mtu lolote. Inatoa habari kwamba "kutakuwa na zoezi". Ombi limefichwa katika sentensi ya pili: "mnaombwa kufika bila kukosa pamoja na ng'ombe wenu", alama 50. Kiswahili kinaweza kusema hayo kwa 14: "leteni ng'ombe". Kitenzi kimoja kimebeba agizo, wingi wa wanaoambiwa na heshima yao. Kiambishi -ni cha mwisho kisionewe choyo. "Leta" ingeokoa alama mbili, lakini ingemfanya afisa kijana aonekane anamwamuru mzee mmoja mmoja kama mtoto wake, na mzee aliyeudhika haswagi ng'ombe. Vivyo hivyo "katika josho la Dung'unyi" huwa "joshoni Dung'unyi". Lugha yenye viambishi ina kabati lenye droo nyingi, na afadhali kuzitumia hizo kabla ya kuyakatakata maneno yenyewe.

Wito ukae mbele. Simu nyingi huonyesha maneno ya kwanza tu ujumbe unapoingia, na mitandao ya kijamii hulificha andiko refu nyuma ya maneno ya kumtaka msomaji afungue zaidi. Maneno "Leteni ng'ombe joshoni Dung'unyi" yana alama 32, na asiyesoma zaidi ya hapo anajua angalau kwamba anaitwa na wapi.

Hapo ndipo mitego inapoanza, na mingi iko kwenye wakati. "Kesho" ni neno fupi linalovutia, lakini tangazo linalopitishwa mkono kwa mkono husomwa siku yoyote. Lililoandikwa Ijumaa na kufunguliwa Jumamosi humwita mfugaji siku ya Jumapili. Lazima iandikwe siku na tarehe. Je, "Jumamosi 18 Julai" si kurudia jambo moja mara mbili? Ndiyo, ni kurudia, na kuna faida: mwandishi akikosea tarehe, siku haitalingana nayo, na msomaji atauliza. Marudio ya namna hii ni ulinzi, na yakatwe mwisho kabisa, tofauti na marudio ya "wafugaji wote" ambayo hayalindi chochote.

Mtego wa saa ni mbaya zaidi. "Saa 1 asubuhi" ni alama 13, na "7:00" ni nne tu. Mwandishi anayebana nafasi hutamani kuandika namna hiyo ya pili. Lakini msomaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na huenda akaisoma 7:00 kuwa saa saba mchana. Tofauti ni saa sita kamili, nazo zinatosha kuiharibu chanjo. Kuacha neno "asubuhi" nako huzaa shaka ileile. Linaweza kuandikwa mara moja badala ya mbili, lisifutwe.

Mtego mwingine umo katika sarufi yenyewe. Onyo likifupishwa kuwa "Anayekohoa asiletwe", limeokoa nafasi ya neno moja na kupoteza maana. Katika Kiswahili mtu na mnyama hupatanishwa kwa viambishi vya ngeli moja, kwa hiyo msomaji anaweza kudhani anayezuiwa ni mchungaji mwenye mafua. Neno "ng'ombe" lirudi, japo limekwisha kutajwa. Na "piga namba hii" nayo ni ndugu wa "kesho": tangazo likipitishwa kwa mwingine, "hii" inakuwa namba ya kijana aliyelipitisha. Tarakimu zote kumi ziandikwe.

Baada ya mizani hiyo yote, tangazo linabaki hivi, namba ya simu ikiwa imefichwa:

"Leteni ng'ombe joshoni Dung'unyi Jumamosi 18 Julai, saa 1 hadi saa 4 asubuhi kwa chanjo ya homa ya mapafu. Ng'ombe anayekohoa asiletwe, piga 07xxxxxxxx."

Ni alama 152. Zimesalia nane, nazo zisijazwe.

Lakini kuna mwanafunzi atakayelipiga tangazo hili kwenye kompyuta, alinakili kwenye simu, kisha aone simu inamwambia kwamba ujumbe wake ni wa kurasa tatu. Atahesabu tena na tena, apate 152 zilezile. Kosa limo katika ritifaa, ile alama ndogo ya "ng'ombe" na "Dung'unyi". Ritifaa iliyonyooka (') imo katika orodha ya alama za biti 7. Ritifaa iliyopinda (’), ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe kwa ajili ya urembo, haimo. Ikiingia hata moja tu, simu huulazimisha ujumbe wote utumie biti 16 kwa kila alama, na 1,120 zikigawanywa kwa 16 hubaki nafasi 70. Tena ujumbe unaovuka hapo hukatwa vipande vya alama 67, kwa kuwa kila kipande hubeba maelezo ya kuviunganisha. Alama 152 huhitaji vipande vitatu, na mtumaji hutozwa vitatu. Katika mtandao wa X hali hii haipo; huko ritifaa zote mbili huhesabiwa alama moja, ila kiungo chochote cha tovuti huhesabiwa 23, kiwe kirefu au kifupi, na kikatuni cha uso huhesabiwa mbili.

Dawa si kuandika "ngombe". Ritifaa hiyo ni sehemu ya sauti ya neno, na shule isiyoweza kuitetea imepoteza zaidi ya alama moja. Dawa ni kuifuta iliyopinda na kuipiga upya kwenye simu, huku jicho likitazama kihesabio kilicho pembeni mwa kisanduku cha ujumbe. Nafasi zilizobaki zikiruka ghafla kutoka nyingi kwenda chache, na kurasa zikishuka kutoka tatu hadi moja, ritifaa ya mwisho iliyopinda imetoka.

Jaribio la mwisho halihitaji simu. Tangazo lisomwe mara moja, kwa sauti, mbele ya mtu asiyejua habari zake, kisha aulizwe alete nini, wapi, lini na saa ngapi, na nini asilete. Akijibu "saa saba", au akiuliza "nani anayekohoa?", kalamu irudi kwenye karatasi kabla kidole hakijabonyeza kitufe cha kutuma.