Shilingi mbili zilizozaliwa sawa

Ukifika mpakani Namanga na noti ya shilingi 1,000 ya Kenya, vijana wanaobadilisha fedha watakuhesabia karibu shilingi 19,000 za Tanzania, siku nyingine zaidi kidogo. Wasafiri wengi huondoka hapo wakiamini kwamba hicho ndicho kipimo cha nani tajiri na nani maskini. Lakini mwaka 1966, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipoacha kazi na kila nchi ikatoa sarafu yake, shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa kabisa na shilingi moja ya Tanzania. Zote mbili zilibadilishwa kwa shilingi 7 na senti 14 kwa dola ya Marekani. Zilianza pamoja, na kilichozitenganisha kwa sehemu kubwa ni mfumuko wa bei.

Tuchukue mfano wa mche wa sabuni. Tuseme mwanzoni mwa mwaka unauzwa shilingi 100 Moshi na shilingi 100 Taveta, ng'ambo ya mpaka, na sarafu hizo mbili ziko sawa. Mwaka unapita. Bei za Tanzania zimepanda kwa asilimia 30 na za Kenya kwa asilimia 10, kwa hiyo sabuni ni 130 Moshi na 110 Taveta. Kama fedha bado inabadilishwa moja kwa moja, mfanyabiashara wa Moshi ataona faida ya shilingi 20 kwa kila mche akinunua Taveta na kuuza nyumbani. Wenzake nao wataiona. Wote watatafuta shilingi za Kenya, wakati Taveta hakuna anayetafuta za Tanzania, maana sabuni ya Moshi ni ghali. Kinachotafutwa na wengi hupanda bei, hata kama kinachotafutwa ni fedha yenyewe. Shilingi ya Kenya itapanda mpaka 110 zake zigharimu 130 za Tanzania, yaani shilingi 1 na senti 18 kwa moja. Hapo faida ya kuvusha sabuni inakwisha na msukumo unatulia.

Pengo hilo likiendelea mwaka hadi mwaka, zile senti 18 hujizidisha zenyewe. Baada ya miaka minne shilingi ya Kenya itakuwa karibu na shilingi 2 za Tanzania, na baada ya miaka kumi itazidi 5. Mchumi wa Kiswidi Gustav Cassel ndiye aliyelipa wazo hili jina mwaka 1918, pale Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imevuruga bei na sarafu za Ulaya. Wachumi huliita uwiano wa uwezo wa kununua.

Nambari za mfano huo hazikuokotwa hewani. Tanzania ya miaka ya 1980 iliishi na mfumuko wa asilimia 30 hivi karibu kila mwaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na serikali ilikuwa ikiziba mapengo ya bajeti kwa kukopa benki kuu. Kenya nayo ilipandisha bei, lakini miaka mingi ya muongo huo mfumuko wake ulikuwa asilimia 10 na ushei.

Hata hivyo, mwaka 1985 vitabu rasmi vilionyesha dola kuwa shilingi 17 na ushei Tanzania, na 16 na ushei Kenya. Zilikuwa bado karibu sawa! Nadharia haikuwa imeshindwa. Kiwango kilikuwa kinapangwa na serikali badala ya soko, na msukumo ulipozuiwa mlangoni ulipitia dirishani. Mtaani dola iliuzwa mara kadhaa ya bei rasmi. Aliyeumia zaidi alikuwa mkulima. Kahawa ya dola 100 ilihesabiwa kuwa shilingi 1,700 tu, na katika hizo bado kulikuwa na makato ya mamlaka ya zao, huku jembe, dawa na kaniki vikipanda bei kila msimu. Haishangazi kwamba mazao yalivushwa kwa magendo, na wengine wakaiacha mibuni iote magugu. Bidhaa zilipoadimika madukani mwaka 1983, serikali iliwasaka walanguzi na kuwaita wahujumu uchumi. Kwa maoni yangu, wengi wao walikuwa dalili ya kiwango kilichopitwa na bei, na dalili haiponyeshi ugonjwa ikifungwa jela.

Rais Ali Hassan Mwinyi alipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, kiwango rasmi kilianza kuufuata ukweli. Mwisho wa mwaka huo dola ilifika shilingi 51 hivi, na kufikia 1990 ilikaribia 200, wakati Kenya ilikuwa 23 hivi. Shilingi moja ya Kenya sasa ilinunua zaidi ya nane za Tanzania. Wengi waliona kama shilingi imeporomoka ghafla. Kilichoporomoka ghafla ni kile kiwango cha kwenye karatasi, kwa sababu uwezo wake wa kununua ulikuwa umeliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi kabla.

Msukumo huu una mipaka yake. Sabuni huvuka mpaka, lakini kinyozi wa Arusha hawezi kumnyoa mtu aliyeketi Nairobi, na kodi ya chumba haipakiwi kwenye lori. Bei za huduma kama hizo zinaweza kutofautiana muda mrefu bila kuisukuma sarafu. Tena msukumo ni wa polepole. Wachumi waliopima nchi nyingi wamekuta kwamba sarafu ikitoka nje ya mstari wa bei, nusu tu ya safari ya kurudi huchukua miaka mitatu hadi mitano. Katika muda huo mikopo, riba, ukame au hofu ya wawekezaji vinaweza kuivuta sarafu upande wowote.

Miaka ya karibuni imelionyesha hilo waziwazi. Mwaka 2018 shilingi ya Kenya ilinunua kama 22 za Tanzania. Tangu hapo mambo yaligeuka: mfumuko wa Tanzania ulibaki kati ya asilimia 3 na 4 na ushei, wa Kenya ukapanda mpaka kufikia 7 na ushei mwaka 2022 na 2023. Ukijumlisha tofauti hizo za kila mwaka, unapata karibu asilimia 15, na hesabu inasema 22 zilipaswa kushuka hadi 19 na ushei. Lakini mwanzoni mwa Januari 2024 zilishuka hadi 16 hivi. Kenya ilikuwa inakabiliwa na deni la dola bilioni 2 la kulipwa Juni, na wenye dola walizikumbatia kwa hofu kwamba litashindikana. Februari serikali ilipata mkopo mpya na kununua sehemu kubwa ya deni hilo kabla ya wakati. Hofu ikatoka, na ndani ya wiki chache kiwango kikarudi 19, palepale bei zilipokuwa zimekielekeza.

Kwa hiyo kama una biashara ya miaka kati ya nchi hizi mbili, au unajenga upande mmoja kwa kipato cha upande wa pili, kiwango cha leo asubuhi kisikukoseshe usingizi. Kila mwezi mashirika ya takwimu ya Dodoma na Nairobi hutangaza mfumuko wa bei. Andika nambari hizo mbili kwenye daftari, toa ndogo kutoka kwa kubwa, na ufanye hivyo kwa miaka mitano. Utajua sarafu ipi inaelekea kupungua thamani mbele ya nyingine, na kwa kasi gani.